Tupeane uzoefu: Kufuta tatuu au kovu kwenye picha bila ngozi kugeuka plastiki

Mpigapicha_Mwanza

Wakuu habari za leo. Wiki iliyopita nimepata bibi harusi mwenye tatuu ya waridi begani kushoto, upana wa kiganja. Picha moja inakwenda kutundikwa sebuleni kwa wakwe, akaomba ua lisionekane. Nilifuta, nikaprinti kubwa, na mwenyewe nikaona aibu. Bega limekuwa laini kama sabuni iliyolowa, na pale ua lilipokuwa pana rangi ya majivu. Bahati nzuri bado sijamkabidhi.

Naomba kila aliyewahi kufanya kazi hii aeleze yake ilikuwaje, hata kama iliharibika.

Juma wa Steshenari

Mkuu, hapo ni Healing Brush ya Photoshop tu. Bonyeza Alt kwenye ngozi safi, pitisha juu ya tatuu, programu inapatanisha rangi yenyewe. Mimi nafuta chunusi na makovu ya tetekuwanga kila siku, dakika tano nimemaliza. Ikitoka laini sana weka Add Noise kidogo, vinyweleo vinarudi.

Dada Neema

Samahani naingilia. Hivi haya mafuta ya kufuta kovu yanafanya kazi kweli? Nina kovu la kuungua mkononi tangu utoto, na nimeona kichwa cha mada nikafurahi.

Mpigapicha_Mwanza

Pole dada yangu, hapa tunazungumzia picha, ngozi yenyewe hatuigusi. Kovu la mkononi mwone daktari wa ngozi kabla hujanunua chochote.

FundiLeya

Juma yuko sahihi kwa chunusi, kwa sababu chunusi imezungukwa na ngozi safi pande zote. Healing Brush inaangalia rangi ya ukingo wa pale unapopaka, halafu inaivuta ndani. Ukipaka kipande cha tatuu huku ukingo wa brashi umegusa wino, inavuta wino. Bila shaka hayo majivu ya Mwanza yametoka hapo.

Nieleze kazi yangu moja iliyonifunza. Mteja alikuwa na tatuu ya jina mkononi, herufi nyembamba nyeusi, na ndani yake kivuli cha kijani. Wino unakaa ndani ya ngozi, chini ya uso wake, kwa hiyo vinyweleo juu yake bado vipo. Nikasema basi nitenganishe rangi na vinyweleo, nifute rangi tu. Nikanakili picha leya mbili. Ya chini nikaitia Gaussian Blur hadi vinyweleo vikapotea tu, kwa picha ile ilikuwa pikseli 9. Kwenye ya juu nikaingia Apply Image, nikachagua ile leya ya chini, na kwa picha ya biti 8 nikaweka hivi:

```
Blending: Subtract
Scale: 2
Offset: 128
```

Halafu leya ya juu nikaigeuza Linear Light. Picha ikarudi kama ilivyokuwa, ila sasa rangi ziko chini na vinyweleo viko juu.

Nikasafisha leya ya chini vizuri kabisa. Nikaangalia, jina bado linasomeka! Kijani kimeondoka, lakini mistari ya herufi imebaki kama mtu aliyeandika kwa ukucha. Nilihangaika jioni nzima ndipo nikaelewa. Mstari ulikuwa mwembamba kuliko ile 9, kwa hiyo programu iliuhesabu pamoja na vinyweleo, ukakaa leya ya juu. Yaani wino mpana hukaa chini na wino mwembamba hukaa juu, lazima ushughulikie leya zote mbili.

Leya ya juu nikatumia Clone Stamp, Opacity 100, ukingo wa brashi mgumu kiasi, Hardness kama 80. Ukitumia brashi laini pale, vinyweleo vya pande mbili vinachanganyika na kufifia, ngozi inaanza kuteleza. Leya ya chini ni kinyume chake, brashi laini na Opacity 20 hadi 30, unajenga pole pole kufuata mwanga unavyoshuka kutoka begani.

Mpigapicha_Mwanza

Ubarikiwe mkuu. Nimeona kosa langu, nilitumia brashi laini kila mahali. Na yale majivu nayaondoaje?

FundiLeya

Leya mpya tupu juu kabisa, iwe Color. Chukua rangi ya ngozi ya jirani, ila eyedropper iweke 11 by 11 Average, usichukue pikseli moja, maana pikseli moja inaweza kuwa kinyweleo. Paka kwa Opacity 10 tu. Kwenye ngozi zetu, nyekundu hutangulia, kijani hufuata, bluu huwa chini. Ukisoma namba za pale ulipofuta ukakuta tatu hizo zinakaribiana, hayo ndiyo majivu yako hata kama kioo hakiyaonyeshi.

Juma wa Steshenari

Nimekuelewa kuhusu ukingo, kaka. Lakini Add Noise naitetea, wateja wangu hawajawahi kulalamika.

FundiLeya

Kwa picha ndogo haionekani, nakubali. Ila ile ni chenga zinazofanana kila mahali, na vinyweleo vina mwelekeo. Mkononi vimelala upande, shavuni ni duara, puani ni vikubwa. Ndiyo maana hata ukikopa ngozi, kopa mkono kwa mkono, tena mahali mwanga unatokea upande uleule.

Bin Seif

Mnaongelea tatuu sana, kovu ni habari nyingine. Kovu lililovimba halina vinyweleo vya kuokoa, lina mng'ao juu na kivuli ubavuni. Nilipata kijana mwenye kovu taya la kulia. Mimi sikutenganisha leya. Niliweka Curves mbili, moja ya kufifisha na moja ya kung'arisha, nikazifunika zote kwa maski nyeusi, nikapaka maski kwa brashi ndogo Flow 3. Ule mng'ao nikaushusha, kile kivuli nikakipandisha, kovu likalala. Vinyweleo nikakopa mwishoni kwenye taya lilelile, karibu na sikio. Ilinichukua saa mbili na nusu, lakini taya lilibaki taya.

Sikulifuta lote. Niliacha alama ndogo, maana ndugu zake wanamjua nalo.

Mpigapicha_Mwanza

Hapo Bin Seif sijui kama naafikiana nawe. Mteja akisema futa, si nifute?

Mama wa Rangi

Muulize kwanza, mwanangu. Mimi nilisafisha picha ya bibi mmoja, nikamtoa makunyanzi kidogo na chale zake mbili mashavuni nikaziona ni makovu, nikaziondoa. Mjukuu alipokuja kuichukua alinyamaza muda mrefu, kisha akasema huyu si bibi. Chale zile alichanjwa akiwa binti kwao. Nilirudia kazi bure na bado inaniuma. Sasa naandika kwenye risiti kipi kifutwe na kipi kibaki. Na picha ya pasipoti siondoi kovu wala tatuu, mtu asije akakwama mpakani.

kaka_simu

Sina kompyuta. Mteja amenitumia picha kwa WhatsApp, tatuu shingoni, nimejaribu Snapseed inaacha mabaka.

FundiLeya

Mwambie aitume upya kama faili, si kama picha. WhatsApp ikishaikandamiza vinyweleo vinakufa, hapo hakuna cha kuokoa wala cha kukopa. Ile Healing ya Snapseed inatosha kwa doa dogo, shingo nzima ni mzigo. Ukipata kompyuta yoyote, GIMP ni bure na ina Wavelet Decompose inayogawa picha leya kadhaa bila hesabu za Apply Image.

Mpigapicha_Mwanza

Nimerudi, wakuu. Nimerudia bega lote tangu mwanzo. Ua limeondoka na vinyweleo vinaonekana hata nikikuza asilimia 100. Tatizo limebaki moja: petali ya juu ilipita kwenye mstari wa kivuli cha shela, na pale kivuli kimekatika. Nikikopa kutoka chini ya mstari vinyweleo ni vya gizani, nikikopa kutoka juu ni vya mwangani.

Bin Seif

Usikope kuvuka mstari. Fanya kila upande kivyake, kisha kivuli ukichore upya kwa Curves. Weka kipande hapa tukione.