Naomba ushauri: mama ana lehemu nyingi, nami nimeshindwa kuelewa maandishi ya mafuta kwenye lebo

Binti wa Nkuhungu

Habari za jioni, wanajukwaa. Mama yangu ana umri wa miaka 61 na tunaishi naye hapa Nkuhungu, Dodoma. Mwezi uliopita alipimwa, na karatasi ya maabara ikaonyesha LDL, yaani lehemu mbaya, ya milimoli 4.6 kwa lita. Daktari alimwanzishia vidonge, kisha akatuambia tupunguze mafuta, lakini foleni ilikuwa ndefu na hatukupata nafasi ya kuuliza ni mafuta yapi, wala tupunguze kwa kiasi gani.

Nilikwenda dukani nikiwa na nia njema, nikarudi na vitu vitatu ambavyo sasa ninavitilia shaka. Cha kwanza ni dumu la mafuta ya kupikia ya rangi ya njano, lililoandikwa kwa herufi kubwa kwamba halina lehemu. Cha pili ni biskuti za chai yake ya jioni. Pakiti moja ilikuwa na mafuta yanayoganda gramu 3 na nyingine gramu 8, nami nikachagua ile yenye 3. Cha tatu ni maziwa ya pakiti. Mama mwenyewe anasoma Kiswahili vizuri, ila lebo zote zimeandikwa kwa Kiingereza, na ningependa aweze kuchagua bila kunisubiri. Watu watano tunakula chungu kimoja, na lita moja ya mafuta hutuchukua siku nane. Naombeni mnielekeze.

Afisa Lishe Mstaafu

Pole na uuguzi, binti yangu. Nianze na biskuti, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokosea. Itazame tena pakiti uliyoichagua na utafute juu ya zile namba pameandikwa kipimo gani. Ninahisi ile gramu 3 ni ya biskuti chache tu, na ile gramu 8 ni ya gramu 100. Namba mbili zisizo na kipimo kimoja hazilinganishwi, kama vile mtu asivyoweza kulinganisha bei ya debe na bei ya kilo.

Binti wa Nkuhungu

Ni kweli kabisa. Niliyoichagua imeandikwa kwa biskuti tatu zenye uzito wa gramu 25. Ile niliyoiacha ni kwa gramu 100.

Afisa Lishe Mstaafu

Basi katika gramu 25 mna gramu 3, na gramu 100 ni mara nne yake, kwa hiyo uliyoichukua ina gramu 12 na uliyoiacha ina 8. Zote mbili ni nyingi. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba chakula chenye zaidi ya gramu 5 za mafuta yanayoganda katika kila gramu 100 kina mafuta hayo kwa wingi, na chenye gramu 1.5 au pungufu kinayo kwa uchache. Mama akila biskuti sita za pakiti hiyo anapata gramu 6 kwenye chai peke yake, ilhali mtu mwenye tatizo lake anayekula kalori 2,000 kwa siku hushauriwa asivuke takribani gramu 13 kwa siku nzima.

Kuhusu Kiingereza, mfundishe herufi moja tu. Kwenye jedwali la lebo kuna mstari wa mafuta yote, na chini yake kuna mstari uliosogezwa ndani kidogo ambao neno lake la mafuta huanza na S. Huo ndio mstari wa mafuta yanayoganda. Maneno yanayoanza na M na P, kama yapo, ni ya mafuta laini ambayo hayapandishi lehemu mbaya. Likiwapo kwenye mistari hiyo ya ndani neno linaloanza na T na namba yake si sufuri, pakiti hiyo airudishe, kwa maana mafuta hayo ni mabaya kuliko yale ya S. Mstari wa lehemu yenyewe, ambao huanza na C, mwambie asiupe uzito mkubwa, kwa kuwa kwa watu wengi lehemu ya damu hupandishwa zaidi na mafuta ya S kuliko na lehemu iliyomo ndani ya chakula.

Hapo ndipo tunapofika kwenye dumu lako. Mafuta yote ya mimea hayana lehemu ya kuzungumzia, hata yale ya nazi ambayo sehemu kubwa yake ni mafuta ya S. Maandishi yale ni ya kweli, lakini hayajibu swali la mama. Nisomee mstari wa S kwa mililita 100.

Binti wa Nkuhungu

Mafuta yote 92, mstari wa S 41. Kwenye viambato wameandika mafuta ya mawese.

Afisa Lishe Mstaafu

Sasa tupige hesabu ya chungu chenu. Lita moja ina gramu 410 za mafuta ya S. Watu watano kwa siku nane ni milo ya siku 40 za mtu mmoja, kwa hiyo kila mtu anakula gramu 10 na kidogo kwa siku kutoka kwenye mafuta ya kupikia tu. Mama amekwisha tumia karibu sehemu nne kati ya tano za kiwango chake kabla hajanywa maziwa wala kuonja nyama. Mafuta ya alizeti huwa na takribani gramu 11 za S katika mililita 100, hivyo kwa matumizi hayo hayo angepata chini ya gramu 3. Mabadiliko hayo peke yake yana faida kubwa kuliko mengine yote utakayoyafanya dukani.

Mkamuaji wa Singida

Nimefurahi kuona alizeti yetu ikitajwa. Niongeze kwamba alizeti haina madhara yoyote kwa mgonjwa wa lehemu, kwa hiyo mama apikiwe kwa kujinafasi bila kupima. Tena asinunue ya dukani. Anunue ile inayokamuliwa huku kwetu na kuuzwa kando ya barabara kuu, kwa sababu ni safi na haijachanganywa na kitu.

Baba Wawili, Kondoa

Mimi pia nimeambiwa nina mafuta mengi kwenye damu. Nimeacha nyama kabisa na ninapikia alizeti tupu tangu mwezi wa pili, lakini kipimo hakijashuka. Kwenye karatasi yangu LDL haina tatizo, iliyopanda ni trigliseridi. Je, alizeti imenidanganya?

Afisa Lishe Mstaafu

Ndugu Baba Wawili, shida yako si hii ya mama. Trigliseridi hupandishwa sana na sukari, soda, pombe na wingi wa wanga, kwa hiyo anza kwa kutazama ukubwa wa ugali wako na unachokunywa jioni. Ingefaa umrudie daktari wako ukiwa na karatasi hiyo, na pia aangalie sukari.

Ndugu Mkamuaji, nakubaliana nawe kwa nusu. Alizeti ni chaguo jema, lakini kijiko kimoja cha chakula bado kina kalori zipatazo 120, na uzito ukiongezeka lehemu nayo hupanda. Kuhusu mafuta ya barabarani, wapo wakamuaji waaminifu, nawe huenda ni mmoja wao. Hata hivyo, chupa isiyo na lebo haina mstari wa S, na mtu akichanganya mawese humo macho hayawezi kugundua mchana wa jua la Dodoma.

Kuna jaribio la nyumbani. Mimina mafuta kwenye chupa ndogo inayopitisha mwanga, uiweke kwenye friji usiku mzima, pale chini na si kwenye barafu. Alizeti halisi hubaki ikitiririka. Ikiwa haikusafishwa kiwandani inaweza kuwa na ukungu mwembamba, kwa sababu maganda ya alizeti yana nta, na ukungu huo si kosa. Ukikuta tabaka zito jeupe au la manjano lililotuama na kugoma kumiminika, humo mna mafuta mengine. Jaribio hili lina mpaka wake, kwani mchanganyiko mdogo unaweza kupita bila kuonekana.

Mkamuaji wa Singida

Nashukuru kwa ufafanuzi wa nta, mzee wangu. Wateja hurudisha mafuta mwezi wa saba kwa sababu ya ukungu huo, wakidhani tumewaibia.

Mama Lishe wa Majengo

Shikamoo, Afisa. Dada, mimi nitasema kuhusu vitu visivyo na lebo, maana sokoni hakuna jedwali. Buchani usiseme tu kwamba unataka kilo moja ya ng'ombe, kwa kuwa utapimiwa kidari chenye mafuta na kipande cha nundu. Omba steki ya paja, na mafuta ya pembeni yakatwe kabla nyama haijapanda kwenye mzani, ili usiyalipie. Mbuzi kwa kawaida ana mafuta machache kwenye nyama yenyewe. Kuku mvue ngozi kabla hujampika. Supu ipike jioni, ilaze kwenye friji, kisha asubuhi uondoe lile tabaka lililoganda juu. Mgeni wangu mmoja hakuamini mpaka nilipomwonyesha nilichokitoa kwenye sufuria moja ya supu ya kongoro.

Mafuta ya mboga usiyamimine kutoka kwenye dumu. Mimi hupima vijiko vitatu vya chakula kwa sufuria ya watu watano. Mlenda wala hauhitaji mafuta, na karanga kidogo zilizosagwa zinatosha kuupa ladha.

Afisa Lishe Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Umesema vema. Kuhusu maziwa, yale ya kawaida huwa na mafuta yapatayo gramu 3.5 katika mililita 100, na zaidi ya nusu yake ni ya S. Yapo ya pakiti yenye gramu 1.5, na kalsiamu yake haipungui. Ukinunua ya mfugaji, yachemshe, yapoe kabisa, kisha uondoe utando. Utapunguza sehemu tu ya mafuta, lakini si haba. Ya pakiti hayatengi utando wa maana, kwa hiyo huko tegemea lebo.

Binti wa Nkuhungu

Nimerudi baada ya siku nne. Nilikuwa na chupa ya alizeti niliyonunuliwa njiani na jamaa aliyetoka Singida, nikaiweka kwenye friji pamoja na ya dukani. Ya dukani imebaki kama maji. Ile ya njiani imeganda zaidi ya nusu ya chupa, nzito kama uji uliopoa. Mama ameitazama, na leo asubuhi amesoma mwenyewe mstari wa S kwenye pakiti mbili za maziwa akachagua ya 1.0 badala ya 2.2.

Limebaki swali la mayai. Jirani anasema asiyaguse, na Afisa amesema mstari wa C si mzito sana. Mama amezoea moja kila asubuhi.

Mama Lishe wa Majengo

Mimi daktari wangu alinikataza viini kabisa, nikabaki na ute.

Afisa Lishe Mstaafu

Hapo hata madaktari hawasemi kwa sauti moja, na miili nayo hutofautiana. Kwa mama mwenye 4.6 ningeanza na viini vitatu au vinne kwa wiki, vya kuchemsha na si vya kukaanga, vidonge vikiendelea kama alivyoandikiwa. Arudie kipimo baada ya wiki nane hadi kumi na mbili, kisha umwonyeshe daktari matokeo hayo mkiamua kama mayai yaongezwe au yapunguzwe.