Naomba ushauri: nashika Kihispania kupitia maneno ya Kiarabu yaliyomo kwenye Kiswahili

Mtoto wa Isimani: Wakuu habari zenu. Niko Iringa, najifunza Kihispania mwenyewe kwa simu, shida misamiati haikai, nikilala asubuhi imefutika. Nimegundua wao na sisi tumechota kwa Waarabu, fulano ni fulani, azúcar ni sukari, mezquita ni msikiti, basi nimejaza daftari maneno kama 60 ya kufananisha sauti. Nikiendelea hivi mwezi mmoja nitafika?

Dada wa Uyole: Mwenzio nilijifunza Kikorea kwa tamthilia miaka miwili, najua kulia tu na kuomba msamaha. Tafuta mtu wa kuongea naye mdogo wangu.

Mzee Tukuyu: Nimesoma Kuba, njia yako inafanya kazi ukijua siri moja. Wahispania mara nyingi walimeza neno pamoja na ile al ya Kiarabu, sisi mara nyingi tuliiacha. Na hiyo al ikikutana na s, z au d, ile l inapotea, ndiyo maana wana azúcar na siyo alzúcar. Kwa hiyo likate kichwa. Aceituna, toa a, inabaki ceituna, si zaituni hiyo? Azafrán, toa a, zaafarani. Ila usikate kila kitu, alto na alma ni Kilatini kabisa. Hebu tuwekee ulivyoandika.

Mtoto wa Isimani: Asante mzee wangu. Limón limau, mesa meza, mezquino maskini, rehén rehani.

Kijana Makambako: Hapo kwenye meza uko sahihi, Waarabu ndio walioleta meza Pwani.

Mzee Tukuyu: Hapana kijana. Mesa ni Kilatini, sisi meza tumeipata kwa Wareno, hao wamefika Pwani yetu 1498. Kukumbuka itakusaidia, ila usiiweke kwenye kundi la Kiarabu. Hizo mbili za mwisho ndizo zinanitisha. Asili ni moja lakini maana zimehama. Mezquino siyo asiye na kitu, ni bahili, mtu wa roho ndogo. Rehén ni mateka, binadamu aliyeshikiliwa, siyo shamba lililowekwa rehani. Una haraka ya nini lakini, na haya unakwenda kuyasema wapi?

Mtoto wa Isimani: Kuna wageni.

Dada wa Uyole: Wageni wa nani? Sema yote tukusaidie.

Mtoto wa Isimani: Sawa. Naongoza watalii Ruaha. Bosi aliuliza nani anajua Kihispania nikanyoosha mkono, wanakuja wanne mwezi ujao. Hotuba ya kuwakaribisha nimeshaikariri, inaanza "Somos mezquinos, pero felices", sisi ni maskini lakini tuna furaha. Siwezi kuanza upya.

Mzee Tukuyu: Umewaambia sisi ni wabahili lakini tuna furaha. Maskini ni pobre.

Mama Mwanjelwa: Mwambie bosi wako ukweli leo. Uongo wa kazini unazaa mwingine, nimeyaona kwa mume wangu na leseni ya lori.

Mtoto wa Isimani: Mama nakuheshimu, lakini nikisema kazi anapewa mwingine na mtoto anaanza shule Januari.

Kijana Makambako: Hii chai wakuu. Kampuni gani inakukabidhi wageni bila kukupima?

Mtoto wa Isimani: Nani anipime wakati bosi mwenyewe hajui? Alinisikia nikisema buenos días na hasta mañana, akaridhika. Hata hiyo hasta inanisumbua, daftarini nimeandika hasta ni hata, sasa hasta mañana ni "hata kesho"?

Mzee Tukuyu: Chai au siyo chai, hilo ni swali la mtu anayesoma kweli. Kiarabu wana hatta, inabeba "mpaka" na "hata" kwa pamoja, Kihispania kikabaki nazo zote mbili. Hasta mañana ni mpaka kesho. Hasta el río, mpaka mtoni. Halafu hasta los leones duermen, hata simba hulala. Na sisi tunayo ile ya zamani, "tangu asubuhi hata jioni", ukiikumbuka hiyo hutapotea. Shida inakuja kwenye kukanusha. Mgeni hajaona hata simba mmoja, hapo usiweke hasta, wao wanatumia neno ni: no he visto ni un león.

Mtoto wa Isimani: Hiyo ya ni sikuijua kabisa, naiandika kwa wino mwekundu. Na hotuba naanza na Somos pobres.

Dada wa Uyole: Na bosi?

Mtoto wa Isimani: Dada, la bosi niachie kwanza.

Kijana Makambako: Bado naona chai.

Mzee Tukuyu: Hiyo pobres nayo itoe dogo, wageni wamekuja kuona wanyama. Anza na bienvenidos, inatosha.

Mtoto wa Isimani: Nimefuta ukurasa wote. Simba jike anaitwaje mzee?

Mzee Tukuyu: Leona.