Mjadala: Kinu cha nyuklia kikizimwa, joto linaloendelea kutoka ni la nini?

Mkaazi wa Kilifi

Tangu Uyombo, huku Kilifi, ilipotajwa kuwa mahali palipofikiriwa kwa kinu cha kwanza cha nyuklia nchini Kenya, tunasikia maneno mawili yasiyopatana. Wanaounga mkono wanasema kinu kikipata hitilafu huzimwa kwa sekunde chache na mambo huishia hapo. Wanaopinga wanasema hata kikizimwa huendelea kutoa joto la kuyeyusha chuma. Vitabu navyo vinasema kila kiini cha urani kinapopasuka hutoa nishati ya MeV 200. Kama nishati hiyo yote hutoka papo hapo, joto la baadaye linatoka wapi? Naomba hesabu, si kauli za mikutanoni.

Kidato cha Sita

Mimi nimeipiga hesabu hiyo kwa uzito wa atomu, na nadhani vitabu vimetia chumvi. Nimechukua mpasuko huu unaojulikana sana:

```
235U + n → 141Ba + 92Kr + 3n
```

Ukitoa uzito wa upande wa kulia katika ule wa kushoto, unabaki na upungufu wa 0.1860 u. Kila u moja ni sawa na MeV 931.5, kwa hiyo jibu ni MeV 173, wala si 200. Nimeirudia kwa tarakimu zote za jedwali na hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo 200 ni namba iliyokuzwa ili ikae vizuri kichwani, na joto la baadaye nadhani ni dogo mno kuhesabika.

Mpima Mionzi

Hesabu yako ni sahihi, mwanangu, ila umeifunga mapema. Bari-141 na kriptoni-92 ulizoziandika upande wa kulia si mwisho wa safari. Zote mbili zina nyutroni nyingi kupita kiasi, haziwezi kukaa hivyo, na kila moja itatoa elektroni ya beta, kisha nyingine, hadi itulie. Kriptoni-92 hugeuka rubidi, kisha stronti, kisha itri, na kutulia ikiwa zirikoni-92. Bari-141 hupitia lanthani na seri, ikatulia ikiwa praseodimi-141. Sasa weka zirikoni-92 na praseodimi-141 mahali pa kriptoni na bari katika hesabu yako. Mnyororo wa kriptoni utakuongezea takriban MeV 19.7, na ule wa bari MeV 6.3. Jumla inakuwa karibu MeV 199. Vitabu havikutia chumvi.

Jibu la ndugu yetu wa Kilifi limo humo. MeV 173 ni za mwanzo, na MeV 26 huja baadaye, kila moja kwa wakati wake. Nusu ya kriptoni-92 huisha kwa sekunde zipatazo 2, na nusu ya rubidi-92 kwa sekunde 4.5. Stronti-92 huchukua saa 2.7, itri-92 saa 3.5, bari-141 dakika 18, lanthani-141 karibu saa 4, na seri-141 siku 32. Unapozima kinu unazuia viini vipya visipasuke. Vile vilivyokwisha kupasuka, vipande vyake vimo ndani ya fueli, na hakuna kifaa kinachoweza kuviamuru visubiri.

Jozi hiyo ni moja tu kati ya mamia, maana urani haipasuki kwa namna moja. Kwa wastani wa jozi zote za urani-235, vipande viwili huondoka na mwendo wenye MeV 169 hivi. Nyutroni zinazoruka papo hapo hubeba karibu 5, na gama za papo hapo karibu 7. Baadaye elektroni za beta hutoa karibu 6.5, gama zinazofuatana nazo 6.3, na antinyutrino, chembe zisizo na chaji zinazopita hata ukutani, karibu 9.

Fungu la vipande ni kubwa hivyo kwa sababu vyote viwili vina chaji chanya, na vinapoachana vikiwa bado karibu sana husukumana kwa nguvu kubwa mno. Kipande chepesi ndicho hupata mwendo zaidi: katika zile 169, chepesi huchukua karibu 100 na kizito karibu 68. Ila vipande haviendi mbali. Ndani ya fueli husimama kabla ya kufika hata sehemu moja ya mia ya milimita, na mwendo wake wote umekwisha kuwa joto. Mwanafizikia Otto Frisch alipoweka urani ndani ya chemba ya kupimia chaji kule Copenhagen mnamo Januari 1939, ni mishtuko mikubwa ya vipande hivyo aliyoiona, mikubwa kuliko kitu chochote ambacho mionzi ya kawaida ya urani ingeweza kutoa.

Fundi wa Boila

Wakuu, mbona jambo hili mnalipeleka mbali? Nimefanya kazi ya boila katika kiwanda kimoja cha sukari. Tukizima moto jioni, asubuhi bado huwezi kuweka mkono kwenye ukuta wa tanuri. Siku moja msimamizi aliamuru pampu ya maji ifungwe mapema, na mabomba mawili yakapinda kwa sababu matofali yalikuwa na moto uliojificha. Kinu nacho ni chuma na saruji tele. Joto la baadaye ni lile lililokwisha kuingia ndani ya chuma.

Mpima Mionzi

Hapana, Fundi, hapa ndipo tofauti ilipo, na ni kubwa. Joto la matofali yako lilikwisha kuingia kabla hujazima, kwa hiyo kila lita ya maji unayopitisha inalipunguza, na likiisha limeisha. Kwenye fueli ya nyuklia joto jipya linazaliwa ndani yenyewe. Unaweza kuipoza leo hadi ikawa baridi kama maji ya bombani, ukaondoa maji kesho, na ikapata moto tena bila mtu kuwasha chochote. Chuma peke yake hakifanyi hivyo.

Mzaliwa wa Lubumbashi

Hapa kwetu Kongo tumekuwa na kinu cha utafiti tangu zamani, TRICO II cha Kinshasa, cha megawati 1, kilichosimamishwa mwaka 2004. Hatukuwahi kusikia kwamba kimeyeyuka kwa kuzimwa. Isitoshe, vinu vya namna hiyo hukaa ndani ya bwawa la maji, na ukisimama juu baada ya kuzimwa unaona mwanga wa buluu ukififia taratibu bila kukatika ghafla. Je, huo ndio ushahidi wa hayo mnayoyasema, au ni kitu kingine?

Pia naomba kujua kuhusu hizo antinyutrino. Kama hupita ukutani, si ndizo zinazopaswa kutuogopesha?

Mpima Mionzi

Mwanga huo ni ushahidi mzuri. Hutokana na elektroni zinazokwenda ndani ya maji kwa kasi kupita ile ya mwanga ndani ya maji hayo hayo. Mpasuko ukikoma na mwanga ukabaki, maana yake beta na gama za vipande bado zipo. Kinu cha megawati 1 kikizimwa, joto lake sekunde ya kwanza ni kama kilowati 65, nalo linashuka upesi. Bwawa la maji linalimeza bila pampu yoyote. Kanuni ni ile ile, kinachotofautiana ni ukubwa.

Antinyutrino hazina haja ya kuogopwa. Hupita ukutani kwa sababu ni nadra mno ziguse kitu, na kwa sababu hiyo hiyo hupita mwilini bila kuacha chochote. Wanafizikia Reines na Cowan walipozigundua mwaka 1956, walilazimika kuweka chombo chao karibu na kinu kikubwa cha Savannah River, Marekani, na hata hapo walinasa chache mno. Katika hesabu yetu ni hasara tupu: MeV 9 hivi huondoka na haziwi joto. Sehemu ya pengo hilo huzibwa na gama zinazotoka nyutroni za ziada zinapomezwa na chuma na vitu vingine ndani ya kinu, ndiyo maana joto linalovunwa hubaki kuwa karibu MeV 200.

Mhandisi wa Mitambo

Niongeze hesabu ya kinu chenyewe. Chukua beta na gama za baadaye: 6.5 na 6.3 ni karibu MeV 13 katika 200, yaani asilimia 6.5. Ndiyo sehemu ya nguvu inayobaki mara tu mpasuko unapokoma katika kinu kilichofanya kazi muda mrefu.

Kinu namba 1 cha Fukushima Daiichi kilikuwa na megawati 1,380 za joto. Tarehe 11 Machi 2011, saa nane na dakika 46 mchana kwa saa za Japani, tetemeko lilikizima kama ilivyopangwa, na mpasuko ukakoma. Wakati huo kilikuwa na takriban megawati 90 za joto la vipande. Baada ya saa moja hivi, tsunami ilipokata umeme, lilikuwa limeshuka hadi karibu asilimia 1.3, yaani megawati 18. Kilo moja ya maji baridi huhitaji megajuli 2.6 hivi ili igeuke mvuke wote. Kwa hiyo joto hilo lilitaka lita 7 za maji kila sekunde, au tani 25 kila saa, ili fueli isibaki wazi. Siku iliyofuata lilikuwa karibu asilimia nusu, na bado lilidai tani 10 kwa saa. Maji hayo hayakufika. Fueli iliharibika usiku ule ule, na alasiri ya tarehe 12 jengo likalipuka kwa hidrojeni.

Kwa hiyo wa upande wa kwanza Kilifi walisema kweli kuhusu mpasuko, na wa upande wa pili walisema kweli kuhusu joto. Lakini wasiache kusema kwamba miundo mipya imelijibu suala hili. AP1000, kwa mfano, ina tangi juu ya jengo ambalo maji yake hushuka kwa uzito wake yenyewe, na limepimwa litoshe saa 72 bila pampu wala umeme.

Mkaazi wa Kilifi

Nashukuru, sasa naelewa kwamba 200 ile ina sehemu ya sasa na sehemu ya baadaye. Ila hoja ya mwisho bado hainiridhishi. Nimesoma kwamba kinu hicho hicho namba 1 kilikuwa na kipoza mvuke kisichohitaji pampu. Mbona hakikukiokoa?

Mhandisi wa Mitambo

Kilikuwepo, ndiyo. Baada ya tetemeko waendeshaji walikuwa wakifunga na kufungua vali zake ili chombo kisipoe kupita nyuzi 55 kwa saa, na tsunami ilipofika vali zilikuwa zimefungwa. Umeme wa betri nao ulipotea, taa za jedwali la udhibiti zikazimika, na kwa saa kadhaa hawakuwa na hakika kama kinafanya kazi. Maji yangeweza kuzunguka yenyewe, lakini vali hazikuweza kujifungua.

Mkaazi wa Kilifi

Basi kwangu swali si saa 72. Swali ni vali ngapi lazima ziwe wazi siku umeme ukikatika, na kama zikikosa umeme huelekea kufunguka au kufungwa.

Mhandisi wa Mitambo

Katika miundo mipya, vali kuu za kupoza hupangwa zifunguke zenyewe zikikosa nguvu. Naamini inatosha.

Mpima Mionzi

Mimi siamini kwamba inatosha mpaka nione ratiba ya kuzijaribu vali hizo kinu kikiwa na moto, na nani atasoma matokeo. Hapo tunatofautiana, ndugu Mhandisi.