Naomba ushauri: zawadi ya kipaimara kwa shoga yangu, mimi ni Muislamu

Habari zenu wanajukwaa. Shoga yangu wa tangu skuli ni Mkatoliki, na Jumapili ijayo anapata kipaimara Minara Miwili, pale Shangani. Kanialika. Zawadi ndiyo inayonitoa jasho.

Kwanza niliwaza rozari. Nimeishika moja dukani, ya mbao, mafungu 5 ya punje kumikumi, mkiani msalaba wenye sanamu ya Yesu. Inanikumbusha tasbihi ya bibi yangu. Muuzaji, mama mtu mzima, akaniuliza, "Msimamizi wake nani?" Akanieleza kuwa mara nyingi msimamizi ndiye anayeleta rozari, kwa hiyo nimuulize kabla sijalipa. Kingine, nisihangaike kutafuta iliyokwisha barikiwa, maana kitu kilichobarikiwa hakifanyiwi biashara. Nimpe kama ilivyo, mwenyewe ataipeleka kwa padri baada ya misa.

Sasa moyo umehamia kwenye doti ya kanga nyekundu. Kipaimara ni cha Roho Mtakatifu, na nasikia mapadri huvaa nyekundu kwenye misa yake. Tatizo ni jina la kanga! Nyingi nilizofunua Darajani ni za kupigana vijembe, nikipeleka ile itakuwa kesi nyengine.

Wakatoliki wa hapa, kanga yenye dua, mfano ya kumtakia baraka za Mungu, itafaa? Au nimuulize msimamizi, nibaki na rozari? Na nimpe kanisani au nyumbani?