Inaandika Calling tu, haifiki Ringing: fundi ameniblok ama ni bando?

DadaWaUmoja
Wanajukwaa, nisaidieni kabla presha haijapanda. Wiki jana nilimpa fundi wa mbao huko Kariobangi dipoziti ya kitanda, shilingi 8,000. Hadi Ijumaa nikimpigia WhatsApp ilikuwa inaandika Ringing, anashika, tunaongea. Tangu Jumamosi ni Calling, Calling, mpaka inajikata yenyewe. Ujumbe wangu uko tiki moja. Lakini nikipiga kwa laini ya kawaida inaita vizuri mpaka mwisho, hashiki tu. Ameniblok ama simu yake ina shida?

MsemaKweli_Kayole
Calling ni blok, dada. Hiyo 8,000 hesabu imeenda na maji. Asiyekublok huonyesha Ringing.

FundiLuthuli
Hapo umepata nusu. Ringing haitokei mpaka kifaa cha upande wa pili kijibu kwamba simu imekifikia, kwa hiyo ukiiona jua wakati huo hujablokiwa. Calling yenyewe inasema tu kwamba ombi lako limetoka na kule hakujarudi kitu. Bando likiisha ni Calling. Akizima data, Calling. Chaji ikiisha, Calling. Akikublok pia ni Calling, na WhatsApp wameiacha hivyo makusudi ili aliyeblokiwa asiwe na uhakika.

Kwako, dada, laini ya kawaida ndiyo imesema mengi. Kama inaita, simu ina chaji na iko hewani, kwa hivyo hilo la chaji liondoe. Imebaki data ama blok, labda pia ameitoa WhatsApp kwenye simu. Tafuta mtu mwenye namba yake. Piga wewe kwanza, ukishakata tu, naye apige. Nyote mkipata Calling, fikiria data kwanza. Yeye akipata Ringing nawe ubaki Calling, msiamue hapo hapo: rudieni mara mbili tatu kwa saa tofauti. Simu zikiwekwa kwenye kuokoa betri hulaza programu, kwa hivyo simu ya kwanza unayopiga inaweza kupotea na ya pili ikaingia.

BabaNjeri
Mke wangu akienda kwao Kitui simu huwa mteja siku nzima. Yeye husema ni mtandao. Naweza kujua kama ameizima mwenyewe?

FundiLuthuli
Mzee, hilo ni swali lingine kabisa, lakini sikiliza kile kimya kabla ya yule mama hajasema "mteja wa nambari uliyopiga". Simu ikizimwa kwa kitufe huaga mtandao kabla ya kulala, kwa hivyo mama huingia karibu papo hapo. Ikishuka bondeni kusiko na mtandao, ama betri ikichomolewa ghafla, haijaaga. Mtandao bado unaamini iko pale ilipoonekana mwisho, unaitafuta kwa minara ya eneo hilo, unasikia kimya sekunde kadhaa, ndipo mama anaongea. Shida ni kwamba ikikaa nje ya mtandao saa nyingi hufutwa kwenye orodha, na hapo mama anaharakisha vilevile. Usipande gari la Kitui kwa sababu ya sekunde tano.

BabaNjeri
😂 Leo kimya kilikuwa kirefu. Wacha nitulie.

KaraniWaUsiku
Hata Ringing isiwadanganye. Simu yangu iliwahi kuzima chaji nikiwa kwa matatu Jogoo Road, na laptop yenye WhatsApp nilikuwa nimeiacha ofisini Westlands, haijazimwa. Bosi akaona tiki mbili, akaona Ringing, akajua namdharau. Kumbe laptop ndiyo ilikuwa inalia peke yake kwa ofisi tupu. Kesho yake nilimkuta amenuna.

DadaWaUmoja
Nimerudi. Binamu yangu alipiga jana saa nane mchana baada yangu, sote Calling. Saa tatu usiku tumejaribu tena, kwake Ringing, kwangu Ringing! Ujumbe wangu wa Jumamosi ukaingia tiki mbili papo hapo. Hakuna aliyeshikiwa.

FundiLuthuli
Basi blok haipo, angalau jana usiku haikuwapo. Inafanana na mtu anayenunua bando jioni tu. Kwa nini hashiki, hilo neno la kwenye skrini haliwezi kukuambia. Simu ikiwa kimya mfukoni bado wewe utaona Ringing.

MsemaKweli_Kayole
Ana bando, hana kitanda. Mimi bado nasimama palepale.

DadaWaUmoja
Kesho asubuhi naenda kibandani kwake kabla hajafungua. Nitapiga nikiwa mlangoni nisikie kama inalia ndani.