Mzungu na milima ya Kaukazi wapi na wapi?

Mleta mada: Wakuu, ripoti za zamani za utafiti mzungu anaandikwa Kokeziani, za siku hizi wanalikwepa. Kaukazi si huko Jojia na Armenia? Muingereza anahusikaje? Na wanalikwepea nini?

Kichwa Ngumu: Aliyeanzisha ni Mjerumani Blumenbach, mbaguzi aliyesema wao ndio watu sisi wengine nyani. Kwisha habari.

Mzee wa Mafuvu: Hapo umechanganya watu wawili mkuu. Wa kwanza kulitumia hivyo ni Meiners, 1785, walikuwa naye chuo kimoja pale Göttingen, na huyo ndo mbaguzi kwelikweli. Blumenbach alishikilia binadamu wote ni jamii moja, tena alikusanya vitabu vilivyoandikwa na watu weusi awaonyeshe wenzake kwamba akili ni zilezile. Kilichomponza ni fuvu. Mwaka 1793 daktari mmoja wa Urusi, von Asch, alimtumia fuvu la dada wa Kijojia aliyetekwa na Warusi akapelekwa Moscow akafia huko, basi jamaa akalipanga na mengine akaona hili ndo zuri kuliko yote, akachanganya na stori za wasafiri kuhusu uzuri wa Wajojia, akasema bila shaka binadamu alianzia huko na sisi wengine tumebadilishwa na hali ya hewa tu. 1795 akalitia kitabuni na wanasayansi wakalibeba. Ushahidi wenyewe ndo huo, jicho lake kupenda fuvu moja! Leo tunajua chimbuko ni Afrika.

Bint Maskati: Mie asili yetu Oman, niko Marekani, klinik wananiambia niweke tiki kwa wazungu. Mtaani hakuna anayeniona mzungu abadan.

Mzee wa Mafuvu: Dada, kundi la Blumenbach lilifika Afrika Kaskazini na mpaka mto Ganges huko India, kwa hiyo ulikuwemo. Cheki kesi ya Bhagat Singh Thind, Mpunjabi aliyetumikia jeshi la Marekani. Mhamiaji kupewa uraia ilibidi awe mweupe au mwenye asili ya Afrika, na 1922 Mahakama Kuu ilimkatalia Mjapani Ozawa ikisema mweupe maana yake Kokeziani. Thind akaja na vitabu vyao wenyewe vinavyomweka Mhindi humo, miezi mitatu baadaye, 1923, mahakama hiyohiyo ikageuka ikasema inafuata anavyoelewa mtu wa kawaida, sio wanasayansi. Akakosa uraia.

Kichwa Ngumu: Sasa neno wakabaki nalo la nini?

Daktari wa Zamu: Linasikika kitaalamu, ndo maana. Ukiandika "mzungu" msomaji anauliza umempimaje, ukiandika Kokeziani ananyamaza anadhani kuna kipimo nyuma yake. Majarida mengi ya tiba sasa yanataka useme mgonjwa alijitambulisha mwenyewe au kuna mtu alimkadiria kwa macho, na kwenye jenetiki wanaandika asili ya Ulaya.

Bint Maskati: Ulaya ipi? Mfini na Msisilia damu moja?

Daktari wa Zamu: Hapo ndo tunagombana kila siku, wengine wanataka utaje nchi kabisa, wengine wanasema sampuli hazitoshi ukigawa hivyo.

Kichwa Ngumu: Na Mrusi akisema "mtu wa Kaukazi" anamaanisha huyo huyo mzungu?

Mzee wa Mafuvu: Thubutu! Kule wenye asili ya Kaukazi ndo wanaotukanwa weusi.