Hea misti imenikausha nywele zimekuwa makumbi, na muuzaji ananiambia nimetumia vibaya

Kipilipili_Ilala: Jamani leo nimechoka. Wiki tatu zilizopita nimenunua hea misti pale Kariakoo, elfu 18, chupa nzuri ya pinki, dada wa dukani akanipulizia mkononi nikaona hii ndo yenyewe. Mi nywele zangu ni kipilipili haswa, nasuka twisti nafumua, kwa hiyo nikawa napuliza asubuhi nikienda kazini na jioni nikirudi maana daladala unajua zinavyonukisha mtu. Wiki ya kwanza raha. Wiki ya pili nywele zikishikwa zinalia kwacha kwacha. Juzi nachana naona kwenye sinki vipande vifupi vifupi kama pilipili manga imemwagika, na vyote vimetoka huku mbele nilikokuwa napulizia sana!! Maandishi ya nyuma ya chupa ni madogo kama sisimizi, nikapiga picha nikavuta kwenye simu, cha kwanza kabisa kimeandikwa Alcohol Denat., maji yanafuata, halafu Parfum. Mbele ya chupa wameandika inalainisha na kulisha nywele. Inalisha nini, spiriti? Nimerudi dukani naambiwa "utakuwa umezidisha dada". Hela yangu jamani.

MkeWaFundi: Pole shosti. Alkoholi ni sumu ya nywele, mi nilitupa mpaka kondishena yangu niliposoma ina Cetearyl Alcohol. Usiguse kitu chochote chenye hilo neno.

BiChetezo: Mwanangu hiyo kondishena umeitupa bure. Jina moja, vitu mbalimbali. Cetearyl, Cetyl, Stearyl hizo ni kama nta, ndizo zinazofanya kondishena iwe nzito na nywele iteleze. Ya kuiogopa ni hii nyepesi inayoruka, Alcohol Denat. au Isopropyl Alcohol, hasa ikiwa juu kabisa kwenye orodha, maana wanaanza na kilicho kingi. Ukimwaga kidogo mkononi unasikia baridi na mara pamekauka. Kichwani ni hivyohivyo, inayeyusha yale mafuta kidogo yaliyoko juu ya unywele, inaruka, unywele unabaki mkavu. Na sisi wa kipilipili mafuta ya kichwani kushuka mpaka nchani ni shida tokea mwanzo kwa kule kujikunja.

Ila Kipilipili nikuulize, ulikuwa unachana zikiwa kavu?

Kipilipili_Ilala: Asubuhi nachana kavu ndio, nitalowesha saa ngapi na mi naondoka saa 11

BiChetezo: Basi misti imekausha na chanuo limekata, wamesaidiana. Mtu akipuliza mara moja kwa harusi hapati hayo.

Abuu_Temeke: Samahani, kwa hiyo mtu akipuliza hiyo anaweza kuswali nayo? Wife anayo.

MkeWaFundi: Kaka hapa tunaongelea kukauka 😂 kamuulize shehe

BiChetezo: Sisi Unguja nywele tunafukiza. Ukishaosha, zikibaki na unyevu kidogo, pakaa mafuta ya nazi kidogo sana viganjani kisha nchani, weka kipande cha udi kwenye chetezo, makaa yawe yameshika jivu sio yanayowaka, ukae mbali kiasi usisikie joto, dakika chache tu. Inakaa siku mbili tatu. Na usithubutu kupuliza hiyo misti yako halafu ukainamia makaa, itawaka.

Mafuta ya asumini unafanya mwenyewe. Chuma maua jioni yakifunguka, yawe makavu hayana umande, yaloweke kwenye mafuta ya nazi usiku mmoja, asubuhi yatoe tia mengine, siku nne tano hivi. Usiyaache humo yakaoza, maji ya ua ndo yanayoharibu mafuta, ukiona yana ukungu au harufu ya uchachu mwaga. Usiyachemshe, harufu yote itaishia jikoni.

Mrembo_Nyali: Mimi nilitia mafuta ya karafuu yale ya kichupa kidogo moja kwa moja kwa ngozi ya kichwa, nikaungua wiki nzima. Kwangu hata vitu asili ni matatizo tu.

BiChetezo: Yale hayapakwi hivyo hata siku moja! Hata ya waridi au mchaichai, matone 6 kwenye mafuta mililita 30 yanatosha, na karafuu mi nisingetia kabisa. Kichwa kikiwasha osha.

Kipilipili_Ilala: Udi siwezi, nimepanga chumba, mwenye nyumba ataniita mchawi. Na hii chupa iliyobaki nusu?

BiChetezo: Puliza kwenye mtandio, uache ukauke kabisa, ndo ujifunge. Nywele itachukua harufu bila kuguswa na spiriti.

MkeWaFundi: Mi bado naamini hizo twisti ulikaza sana huko mbele

Kipilipili_Ilala: Twisti nasuka miaka minne sijawahi kukatika, usimtetee muuzaji. Kesho narudi na ile picha nimsomee mbele ya wateja wake.